Mdhamini wa bonanza la shule ananunua nini

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga mjini. Mwakani mwezi wa tisa tunataka kufanya bonanza la shule sita za jirani, mpira wa miguu kwa wavulana na pete kwa wasichana. Mwaka huu mwezi wa nane tulipeleka barua kwa kampuni nne tukiomba 'msaada wa hali na mali'. Moja ilitujibu kuwa bajeti imekwisha, nyingine zikakaa kimya, na bonanza likaahirishwa. Mwalimu Mkuu anasema safari hii barua ieleze faida atakazopata mdhamini. Sasa sisi shule ya serikali tuna nini cha kumpa mtu mwenye kampuni?"

Marahaba, Mwalimu. Mnacho cha kumpa, tena ni kitu ambacho kampuni hulipia kila siku, nacho ni nafasi ya kufika kwa wazazi wa watoto wenu. Barua yenu ya kwanza haikukitaja, na kwa kutokitaja ikaishia kwenye meza isiyo yake.

Nimefanya kazi miaka mingi katika idara ya masoko, na barua za namna hiyo nimezipokea nyingi, kwa hiyo nitakueleza safari yake ikishapita mapokezi. Barua inayoomba "msaada wa hali na mali" hupelekwa kwenye fungu la kusaidia jamii. Huko inakuta foleni ya zahanati isiyo na vitanda, shule iliyoezuliwa paa na upepo na kituo cha yatima, na anayegawa fungu hilo, hata awe mpenzi mkubwa wa mpira, hawezi kutanguliza jezi mbele ya kitanda cha mama anayejifungua. Fungu lenyewe wahasibu wanalibana, kwa sababu Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kampuni kuondoa katika hesabu ya kodi michango ya hisani na ya miradi ya maendeleo ya jamii kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Fedha ya kutangaza bidhaa haimo katika ukomo huo; inahesabiwa pamoja na gharama nyingine za kutafuta mapato, na inasimamiwa na afisa masoko, ambaye mwisho wa mwaka anaulizwa aliitumia wapi na ilifika kwa nani. Huyo ndiye unayemtaka. Mambo ya kodi nimeyataja ili uelewe kwa nini meza hizi mbili hazifikiri sawa. Kwenye barua usiyaguse kabisa, kwani hesabu ya kodi ni ya mhasibu wao.

Afisa masoko akiifungua barua yako anatafuta majibu ya mambo mawili: watakaoona nembo yetu ni akina nani, na wataionaje. Hapo ndipo barua nyingi za shule zinapoharibika, kwa kuandika kwamba "watu wengi watahudhuria" na kwamba "kampuni yenu itatangazwa". Hayo hawezi kuyapeleka kwa bosi wake. Kumbuka kwamba yeye si mwamuzi wa mwisho. Naye ana fomu ya kujaza na kikao cha kukitetea kile alichokijaza, na barua nzuri ni ile anayoweza kunakili sentensi zake kama zilivyo.

Tuanze na watu. Mwalimu anayeandaa bonanza hufikiria watakaofika uwanjani, kumbe mali kubwa zaidi mliyo nayo ni wale ambao hawatafika. Kila mzazi wa shule hizo sita atapata barua ya kumwarifu kuhusu bonanza, itakayobebwa na mtoto wake hadi mezani nyumbani. Karatasi hiyo ikiwa na nembo ya mdhamini chini yake, imeingia katika nyumba ambayo bango la barabarani haliingii, na imeingia kwa mkono wa mtoto, ikiwa na muhuri wa shule. Sijui kampuni inayoweza kuipata nafasi hiyo kwa njia nyingine yoyote.

Nyumba hizo zihesabiwe. Idadi ya wanafunzi mnayo kwenye rejista, lakini ndugu wawili au watatu wanaweza kutoka nyumba moja, na afisa makini atakuuliza. Kuna njia rahisi: kila mwalimu wa darasa awaombe wanyooshe mkono wale tu ambao hawana kaka wala dada mkubwa katika shule hiyo. Kila mkono ni nyumba moja, na kazi hiyo inakwisha kwa dakika tano wakati wa kuita majina. Tuchukue mfano kwamba shule sita zina wanafunzi 4,200, na mikono iliyonyooshwa ni 2,600. Barua yako itaandika nyumba 2,600, na mtu akitaka kujua umezipataje, utamweleza bila kubabaika.

Kwa watakaofika uwanjani, usikisie. Chukua daftari la mahudhurio la mikutano ya wazazi, uone huwa wanasaini wangapi, kisha andika kwa mipaka, mathalani "wazazi na walezi 400 hadi 500, tukikadiria kutokana na mahudhurio ya mikutano ya wazazi". Kampuni haitakukataa kwa sababu ya idadi ndogo yenye maelezo. Inayotiliwa shaka ni ile ya watu 5,000 iliyoandikwa na shule yenye uwanja usiotosha nusu yao.

Idadi bado haijamaliza swali la ni akina nani. Wazazi wa Makorora, Msambweni na Mabawa wananunua nini, wapi, na nani kati yao hushika kikapu? Ukijiuliza hivyo utaona mara moja kwamba kampuni nne haziwezi kupelekewa barua moja iliyobadilishwa jina tu. Tanga ni mji wa maziwa, na kampuni ya maziwa inamtaka mama anayeamua asubuhi mtoto anywe nini. Kwake bonanza la shule za msingi linafaa kama lilivyo. Benki inamtaka mzazi aliyeajiriwa au mwenye biashara, kwa hiyo ieleze ni wazazi wangapi wana maduka katika soko la Mgandini au wanafanya kazi bandarini, kama unayajua hayo kutoka kwenye fomu za kuandikisha watoto, na utoe jumla tu, kamwe si majina wala namba za simu. Mamlaka ya maji haiuzi bidhaa ya kushindaniwa, lakini ina ujumbe wa kufikisha, kuhusu kulipa ankara kwa wakati au kutoa taarifa za mabomba yanayovuja, na ujumbe huo unakaa vizuri nyuma ya barua ya wazazi. Kiwanda cha saruji cha Pongwe kinauza kwa mafundi na wajenzi, ambao uwanjani watakuwa wachache. Kukiomba si kosa, ila hapo ni afadhali uombe kama jirani, kwa fungu la jamii, na uombe kitu kinachobaki, kama sakafu ya kiwanja cha pete, badala ya kujifanya unauza tangazo.

Baada ya kujua unamuuzia nani, weka bei. Bajeti yenu sijaiona, kwa hiyo nitatumia ya mfano. Bei za kweli zitoke kwenye profoma za wauzaji, ambazo utaziambatisha. Seti 12 za jezi, za wavulana na za wasichana kwa kila shule, kwa shilingi 180,000 kila moja, ni 2,160,000. Vikombe na medali 440,000. Turubai mbili na viti 300 ni 350,000, spika na jenereta 250,000, maji ya kunywa 300,000, waamuzi na huduma ya kwanza 300,000, usafiri wa shule mbili za mbali 200,000. Jumla ni shilingi 4,000,000.

Shule zenyewe zibebe waamuzi, huduma ya kwanza na usafiri, yaani 500,000, na jambo hilo liandikwe waziwazi, kwani mdhamini hupenda kuona mwenye shughuli naye ametia mkono mfukoni. Zinabaki 3,500,000. Wengi hapo hukimbilia kupanga wadhamini wa dhahabu, fedha na shaba, mpango unaofaa matamasha makubwa yenye kampuni zinazogombea nafasi, lakini kwa bonanza la kata unaleta ngazi tatu zisizo na mtu. Mimi ningegawa hivi: mdhamini mkuu mmoja achukue jezi, vikombe na medali, 2,600,000, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vinavyopigwa picha na kubaki baada ya siku ile, mfanyabiashara wa jumla wa vinywaji alete maji yenyewe, na mdhamini wa tatu alipie turubai, viti na spika, 600,000. Sasa gawanya 2,600,000 kwa nyumba 2,600, na mdhamini mkuu anaona kwamba kuifikia nyumba moja kunamgharimu shilingi 1,000, mbali na watakaofika uwanjani na mbali na jezi ambazo zitavaliwa mazoezini mwaka mzima. Hesabu hiyo ya mstari mmoja ina nguvu kuliko kurasa mbili za kusifu michezo, kwa sababu afisa anaweza kuilinganisha na anacholipa redioni.

Aya ya faida katika barua kwa kampuni ya maziwa ningeiandika namna hii:

"Kwa udhamini mkuu wa shilingi 2,600,000, kampuni yenu itapata mambo yafuatayo. Nembo yenu itachapishwa kifuani kwenye jezi zote za seti 12, ambazo shule sita zitaendelea kuzitumia kwa mazoezi na mechi hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Barua ya mwaliko kwa wazazi, itakayopelekwa katika nyumba 2,600 wiki mbili kabla ya bonanza, itakuwa na nembo yenu na sentensi moja mtakayoichagua, ikishakubaliwa na Mwalimu Mkuu. Mabango mawili mtakayotupatia yatafungwa langoni na nyuma ya goli la upande wa jukwaa. Mshereheshaji atawataja kila mechi inapoanza na inapomalizika, na mwakilishi wenu atakabidhi kikombe cha washindi. Mtatengewa eneo la mita tatu kwa tatu karibu na viti vya wazazi kwa ajili ya kuzungumza nao na kuwauzia bidhaa. Hatutapokea mdhamini mwingine wa maziwa. Ndani ya siku 14 baada ya bonanza tutawaletea taarifa yenye picha za kila tulichoahidi, nakala ya barua ya wazazi na stakabadhi za matumizi."

Soma tena aya hiyo uone kisichokuwamo. Haisemi kwamba mauzo yatapanda, kwa sababu huna uwezo wa kuyapandisha. Haimtaji mgeni rasmi ambaye bado hajakubali, wala haiahidi kituo cha televisheni ambacho hamna makubaliano nacho. Haisemi kwamba kampuni itapata thawabu kwa Mungu, jambo ambalo linaweza kuwa kweli, lakini halina nafasi katika fomu ya afisa masoko. Kila ahadi iliyomo ni kitu ambacho shule inaweza kukitimiza kwa mikono yake na kukipiga picha, na hicho ndicho kipimo cha kuamua kama ahadi iingie au iachwe.

Ahadi ya kutopokea mshindani ni nzito kuliko inavyoonekana, nayo huvunjwa bila mtu kukusudia. Nimeona shughuli moja ambapo mdhamini alikuwa kampuni ya vinywaji, na kila kitu kilikwenda sawa mpaka mkodishaji wa viti alipofika asubuhi na viti vya plastiki vyenye maandishi makubwa ya soda ya mpinzani wake mgongoni, pamoja na mwavuli wa rangi zilezile uliosimikwa jirani kabisa na meza kuu. Picha zote za siku ile zikawa hazifai kwa mdhamini. Viti na turubai vya kukodi katika miji yetu mara nyingi vimechorwa nembo za kampuni za soda au za simu, kwa hiyo nenda ukavione kabla ya kulipa, na ukikosa vilivyo vyeupe, weka vitambaa. Angalia pia ukuta wa uwanja, kwani huenda umechorwa tangazo la mtu zamani.

Nembo nayo ina mambo yake. Usiikate kutoka kwenye picha ya mtandaoni wala kuipokea kwa WhatsApp ikiwa imebanwa, kwa maana ikikuzwa kifuani mwa jezi itatoka na ukungu na rangi itabadilika. Omba faili la kuchapishia kwa barua pepe, fundi atengeneze jezi moja ya mfano, uipige picha na kuituma kwa afisa ili aikubali kwa maandishi, ndipo seti zote zichapwe. Kampuni huwa na mwongozo wa rangi na nafasi ya nembo yake, na seti 12 za jezi zenye bluu isiyo yao zinaweza kukataliwa huku fedha ya fundi imekwisha kutumika.

Sasa niseme juu ya watoto, maana hapa shule haiuzi kila kitu. Kampuni za bia, za sigara na za michezo ya kubahatisha msiziandikie hata kama zinatoa haraka, kwani nembo zao haziwezi kuvaliwa na mtoto wa darasa la tano, na hakuna afisa elimu atakayewapitishia. Kampuni nyingine zote ziuze kwa wazazi tu, katika eneo lao, na kama zinataka kugawa bidhaa kwa wanafunzi, ombi hilo lije kwa maandishi na Mwalimu Mkuu aliamue. Kuhusu picha, mdhamini atazitaka kwa ajili ya kurasa zake za mitandaoni, na picha ya mtoto anayetambulika ni taarifa binafsi inayolindwa na sheria ya mwaka 2022, hivyo ridhaa ya mzazi inahitajika. Chini ya barua ya wazazi weka kipande cha kukatwa, chenye sentensi moja inayosema kwamba picha za wachezaji zinaweza kutumiwa na shule na mdhamini kuelezea bonanza, na nafasi ya mzazi kusaini kukubali au kukataa. Wanaokataa watacheza kama wenzao. Mpiga picha ataonyeshwa tu namba za jezi zao. Ukiandika katika barua ya udhamini kwamba ridhaa hizo mtazikusanya ninyi, umemwondolea afisa swali ambalo lingemfanya mwanasheria wao alilaze ombi lako mezani kwa mwezi mzima.

Kwa kuwa shule ni ya serikali, hakikisheni pia kwamba bonanza limepata kibali cha mkurugenzi wa halmashauri ya jiji kupitia kwa afisa elimu, na nakala yake iambatishwe. Kampuni nyingi hazianzi hata kujadili barua ya shule ya serikali isiyo na kibali. Huko huko jijini uulize kama mabango yatakayofungwa nje ya lango, kando ya barabara, yanatozwa ushuru. Ulizia na ya ndani ya uwanja.

Lile jibu la "bajeti imekwisha" inawezekana kabisa kwamba halikuwa la kukufukuza. Kampuni inayofunga mwaka wake Desemba hupanga matumizi ya mwaka unaofuata katika miezi ya mwisho ya mwaka, kwa hiyo mwezi wa nane fedha ya matangazo huwa imeshapangiwa kazi. Taasisi za umma, kama bandari na mamlaka ya maji, zinaanza mwaka wa fedha Julai na kuumaliza Juni. Kwa bonanza la Septemba mwakani, kampuni binafsi zipelekee barua kati ya Oktoba na Novemba mwaka huu, na taasisi za umma zipate zao mwanzoni mwa mwaka, wakati zinapokusanya mahitaji ya bajeti ijayo. Ukichelewa, usikate tamaa moja kwa moja. Meneja wa tawi au wa kanda mara nyingi huwa na kiasi kidogo anachoweza kukiidhinisha bila kuuliza Dar es Salaam. Kiasi hicho kinaweza kutosha turubai na spika, si jezi. Muulize ana kwa ana mipaka yake ni ipi kabla ya kuandika, kwa sababu ombi la milioni mbili na nusu kwa mtu mwenye mamlaka ya laki tano litapelekwa makao makuu na kupotelea huko.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na nusu, ikiandikwa kwa jina la cheo, isainiwe na Mwalimu Mkuu na kutaja mwalimu mmoja tu wa kuwasiliana naye. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Baada ya wiki mbili nenda au piga simu, na usiulize "mmetufikiria vipi?", swali ambalo jibu lake ni "bado". Uliza kama kuna taarifa yoyote inayokosekana ili ombi lifike kikaoni, na kikao ni lini. Afisa akianza kukuuliza juu ya ukubwa wa nembo au siku ya kuleta mabango, ujue ombi linatembea. Akikuambia kila mara kwamba faili liko kwa bosi, bila swali hata moja, mpelekee mshindani wake barua nyingine.

Wakikubali, huenda wakataka kutoa bidhaa badala ya fedha. Pokea zile tu zinazofuta mstari katika bajeti yako. Maji yanafuta shilingi 300,000, lakini kofia 200 zenye nembo hazifuti chochote, na kwa kuzipokea unakuwa umetoa nafasi ya mdhamini mkuu bila jezi hata moja. Waeleze kwa adabu kwamba kofia zinakaribishwa juu ya udhamini, si badala yake. Kwa fedha, kampuni nyingi zinaona usalama zaidi kumlipa muuzaji wa jezi moja kwa moja kwa profoma yake, nawe likubali hilo, kwani linakuondolea mzigo wa kutunza fedha. Zikija shuleni, ziingie katika akaunti ya shule na stakabadhi itolewe siku hiyo hiyo. Fedha ya udhamini isipite kwenye simu ya mwalimu yeyote, hata wewe. Makubaliano yaandikwe katika ukurasa mmoja unaonakili ile aya ya faida, tarehe ya malipo na nini kitafanyika bonanza likiahirishwa kwa mvua, kisha pande zote mbili zisaini.

Siku ya bonanza mteue mwalimu mmoja ambaye hana kazi nyingine ila kushika orodha ya ahadi na kupiga picha moja kwa kila ahadi: bango la langoni likiwa na watu wanaopita mbele yake, mabinti wa pete wamesimama nembo ikisomeka, mama akinunua maziwa katika eneo la mdhamini. Ahesabu wazazi kwa daftari la kusaini langoni, na aandike pia mdhamini aliuza kiasi gani, kama watakubali kumwambia. Mkiahidi siku 14, taarifa ifike siku ya kumi. Ikiwa mlisema wazazi 400 na wakaja 310, andika 310. Afisa aliyekuwapo uwanjani aliwaona, na mwaka unaofuata ndiye atakayeulizwa na bosi wake kama takwimu zenu zinaaminika. Mwishoni mwa taarifa hiyo taja mwezi wa bonanza lijalo na uwaulize kama wangependa kupewa nafasi ya kwanza ya udhamini mkuu kabla hamjawaandikia wengine, kisha wape tarehe ya kujibu iliyo kabla ya wao kufunga bajeti.